Ada ya Kurudishiwa Maji Ambayo Hayakukatwa

Jumatano ya tarehe 15 Mei 2024, saa nne na nusu asubuhi, fundi wa maji alisimamisha pikipiki nje ya geti letu, akashuka na spana mkononi na karatasi ndefu iliyokunjwa mara mbili. Mama alikuwa anaanika nguo. Fundi akamwamkia vizuri, kisha akasema, "Mama, pole, nimetumwa kukata maji." Mama akamwambia angoje kidogo, akanipigia simu. Nikamtumia ule ujumbe wa M-Pesa naye akamwonyesha: shilingi 2,340, Jumapili tarehe 12 Mei, saa moja na dakika arobaini na mbili jioni, nambari ya akaunti yetu bila kukosea hata tarakimu moja. Fundi akasoma, akatikisa kichwa. "Basi mama, wewe umelipa. Mimi siwezi kumkatia mtu amelipa." Akaandika kitu pembeni mwa karatasi yake, akaenda zake. Mita hakuigusa, valvu hakuifunga. Hata maji ya kunywa aliyopewa na mama yalitoka kwenye mfereji huo huo.

Mwisho wa mwezi bili ikaja na shilingi 1,000 za kurudishiwa maji.

Kabla sijaendelea, niseme ninakaa wapi. Wiki nakaa Migori kwa ajili ya kazi, na nyumbani kwetu ni Homa Bay. Anayeijua barabara ya kushuka Rongo kisha kukata kulia anajua kwamba hiyo si safari ya kumuaga mtu kwa machozi. Bili za nyumba zote mbili nalipa mimi kwa simu. Mama huishi miezi fulani kwangu na miezi fulani kwake, kwa hiyo kumtaja hakutakuambia habari hii ilitokea mji gani, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Kampuni pia sitaitaja. Nina kesi nayo ya karatasi ambayo haijaisha, na hata hivyo, shida ninayotaka kuieleza haiko kwenye jina la kampuni. Iko kwenye mpangilio wa kazi ambao ungeweza kuukuta katika mji wowote wenye mita, orodha na kompyuta.

Turudi kwenye notisi. Ilikuwa na tarehe ya Jumanne, 7 Mei. Ilisema tunadaiwa 2,340, ambazo kweli tulikuwa tunadaiwa. Sikatai, miezi miwili nilikuwa nimelegea. Ilisema tulipe ndani ya siku saba, la sivyo huduma itakatwa na ada ya kurudishiwa itatozwa. Siku saba kutoka tarehe 7 zinaishia tarehe 14. Nililipa tarehe 12, siku mbili kabla. Kwa lugha yoyote ile, pamoja na lugha ya notisi yenyewe, nilitimiza nilichoambiwa. Sentensi ile ina sharti na ina tokeo: usipolipa, tutakata, tukikata, utatozwa. Mimi nililipa, wao hawakukata, na bado nikatozwa. Mtu anaweza kusema huu ni mkosi wa mara moja, kosa la kidole cha karani. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi niliposimama kwenye kaunta.

Dada wa kaunta alikuwa mpole. Nasema hivyo kwa sababu katika malalamiko ya aina hii ni desturi kumchora mtu wa kaunta kama joka, na huyu hakuwa joka. Alichapa nambari ya akaunti, akaniambia, "Unaona, hii pesa yako iliingia. Lakini sistimu inaonyesha ulikatiwa."

"Hatukukatiwa, dada. Fundi alikuja akaondoka."

"Inaonyesha ulikatiwa."

"Sawa. Na inaonyesha nilirudishiwa lini?"

Akakitazama kioo cha kompyuta muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Hapo hakuna tarehe."

Swali hilo ndilo ninalomwachia yeyote atakayekutwa na jambo kama hili, kwa sababu ndilo lililofungua kila kitu. Kukata maji ni kazi ya mikono. Fundi hufunga valvu iliyo karibu na mita na kuitia kufuli au lakiri, au huing'oa mita yenyewe na kuondoka nayo, au, kwa mdaiwa sugu, huchimba na kukata pale bomba la nyumba linapoungana na bomba kuu la mtaa. Kurudisha ni kuyafanya hayo kinyume. Ndiyo maana ada ya kurudishiwa maji kwenye mita huwa ndogo, na ya kurudishiwa kwenye bomba kuu huwa kubwa: inafuata jasho. Kila moja ya kazi hizo huacha alama. Panapaswa kuwa na kadi ya kazi yenye tarehe, jina la fundi, nambari iliyosomwa kwenye mita wakati wa kukata, na nambari ya lakiri. Halafu panapaswa kuwa na kadi ya pili, ya kurudisha, yenye mambo hayo hayo. Kama kadi ya pili haipo, hakuna kilichorudishwa. Na kama hakuna kilichorudishwa, ile ada ni ya nini?

Nilimwomba dada anichapishie taarifa ya akaunti, si bili. Bili hukuambia jumla tu. Taarifa hukuonyesha kila mstari na siku ulipoandikwa. Alisita, akaenda ndani, akarudi nayo. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea. Malipo yangu ya Jumapili tarehe 12 yalikuwa yameandikwa kwenye akaunti Jumanne tarehe 14. Na mstari uliosomeka `RECONNECTION FEE` ulikuwa wa Jumatatu, tarehe 13.

Soma tena hizo tarehe polepole. Ada iliandikwa tarehe 13. Siku saba za notisi zilikuwa hazijaisha. Zilikuwa zinaisha kesho yake. Fundi alikuwa hajatoka ofisini. Alikuja kwetu tarehe 15. Nilikuwa nimeshalipa usiku wa jana yake. Yaani nilitozwa ada ya kurudishiwa maji siku mbili kabla ya mtu aliyetumwa kuyakata kufika, na siku moja kabla ya muda niliopewa wa kulipa kwisha.

Nilichokuja kuelewa, kwa kuuliza na kwa kuelezwa na fundi mmoja aliyenionea huruma, ni hiki. Jumatatu asubuhi ofisi huchapisha orodha ya wanaopaswa kukatiwa wiki hiyo. Orodha hutoka kwenye salio la Ijumaa. Pesa iliyolipwa kwa simu Jumamosi na Jumapili iko mahali fulani kati ya simu yako na daftari lao, inangoja mtu aipakue na kuiingiza. Sasa, jina lako likiingia kwenye orodha, kazi ya kukata hufunguliwa kwenye kompyuta, na kazi hiyo ikifunguliwa, ada ya kurudisha huandikwa papo hapo. Haingoji fundi aende wala arudi aseme alikuta nini. Ada hiyo, kwa mpangilio huo, ni malipo ya jina lako kuwa kwenye orodha. Kile alichoandika fundi pembeni mwa karatasi yake, "amelipa", kilibaki kwenye karatasi. Hakuna aliyekihamisha kwenye kompyuta, na hata kingehamishwa, kingefunga kazi tu, ada ingebaki. Kuifuta kunahitaji mtu mwenye cheo atie sahihi. Kuiandika hakukuhitaji mtu yeyote.

Nitasimama hapo kidogo, kwa sababu ndipo hasira yangu ilipo. Simlaumu fundi, aliyefanya jambo la haki kwa macho yake. Simlaumu dada wa kaunta. Nalaumu uamuzi ambao mtu fulani aliufanya siku moja, kwamba mashine iwe na mkono mwepesi wa kuandika deni na mkono mzito wa kulifuta.

Sasa niwaeleze nilivyokuwa mjinga. Niliona kwamba 1,000 ile si haki, nikaamua kutoilipa. Bili ya Mei ilikuwa 640 za maji na 1,000 za ada, jumla 1,640. Tarehe 5 Juni nililipa 640 kamili. Bili ya Juni ikaja: salio la nyuma 1,000, maji 710, jumla 1,710. Tarehe 4 Julai nikalipa 710. Nilijiona mtu makini. Nalipa kila tone nililokunywa, na ile 1,000 inakaa pembeni ikingoja tuelewane.

Lakini kompyuta haina pembeni. Pesa inapoingia, inalipa kwanza deni lililo kongwe, na deni kongwe lilikuwa ile ada ya tarehe 13 Mei, kwa sababu maji ya Mei yaliandikwa tarehe 31. Kwa hiyo 640 zangu za Juni hazikulipia maji hata kidogo. Zilikwenda kwenye ada, ikabaki 360. Katika zile 710 za Julai, 360 zikamalizia ada, na 350 ndizo zilizogusa maji ya Mei. Nikabaki nadaiwa 290 za maji ya Mei na 710 za Juni. Jumla, shilingi 1,000.

Umeona ilivyogeuka? Nilidhani nimekataa kulipa ada na nimelipa maji. Kwa vitabu vyao nimelipa ada yote, na ninachodaiwa ni maji. Ule ubishi wangu ulikuwa umekwisha bila mimi kujua, na nilikuwa nimeshindwa. Kilichobaki ni mteja wa kawaida asiyelipa maji yake kwa wakati, na mteja kama huyo wanajua la kumfanya.

Notisi ya pili ilikuwa na tarehe 8 Julai. Nilikwenda ofisini na taarifa yangu ya akaunti, nikaambiwa niandike barua, nikaandika nusu ukurasa kwa mkono palepale, nikaiacha bila kupigiwa muhuri. Hilo ni kosa langu la pili. Barua isiyo na muhuri wa kupokewa ni karatasi tu. Jumanne tarehe 23 Julai fundi mwingine akaja, na huyu hakuwa na muda wa kusoma ujumbe wa simu. Alifunga valvu, akatia kufuli, akasoma mita, akaandika, akamwachia mama nakala. Kazi safi kabisa. Ile nakala ninayo, na naipenda kwa namna ya ajabu, kwa sababu inaonyesha jinsi kukatiwa kwa kweli kunavyofanana: tarehe, saa, nambari ya mita, sahihi. Ya Mei haikuwa na kitu kama hicho, kwa sababu ya Mei haikutokea.

Ili kufunguliwa nilitakiwa kulipa 1,000 za salio na 1,000 nyingine za kurudishiwa. Nililipa 2,000 tarehe 24. Walifungua Ijumaa tarehe 26 alasiri.

Siku tatu hizo mama alinunua maji ya mkokoteni, mitungi sita kwa siku, shilingi 20 mtungi. Hesabu hiyo ni ndogo na sitaililia. Ninachokitaja ni kile nilichokiona siku ya pili, niliporudi jioni nikakuta mtungi ambao haukuwa wa mkokoteni. Mtoto wa jirani alikuwa amemsaidia mama kuchota mahali pengine ili asiendelee kutoa pesa. Sisi wa upande huu tunajua mahali pengine ni wapi. Homa Bay ni ziwa, Migori ni mto. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoenea nchini, kaunti hizi zetu mbili zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kuguswa. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba ada ya kurudishiwa ni jambo la uhasibu, namwelewa, lakini naomba aje aangalie ule mtungi.

Watetezi wa kampuni za maji wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kusukumwa hayaleti pesa: mengine yanavuja, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye mita zilizokufa. Umeme wa kusukuma lazima ulipwe, dawa ya kusafisha lazima inunuliwe. Kampuni isiyokata haikusanyi, na isiyokusanya inaziba mifereji ya mji mzima. Haya yote ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa na deni la miezi miwili, na notisi ndiyo iliyoniamsha. Kama notisi ilitumwa ili nilipe, ilifanya kazi yake siku ya tano. Sasa kwa nini iadhibu mafanikio yake yenyewe?

Kuna hoja nyingine, hii niliisikia kwenye kaunta: fundi ameshatumwa, petroli imeshatumika, nani atalipa? Jibu ni kwamba alitumwa kwa orodha ya Jumatatu iliyotokana na salio la Ijumaa. Kama mtu angeikagua orodha Jumatano asubuhi kabla pikipiki haijawashwa, malipo yangu yalikuwa yameshaandikwa tangu Jumanne. Pikipiki ilikuja kwetu kwa sababu ofisi haikujisomea daftari lake. Petroli hiyo ni yao.

Sheria haijalala kabisa katika hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi huduma anayoilipia, na cha 47 kinadai maamuzi ya kiutawala yawe ya haki na yenye kufuata utaratibu. Sheria ya Maji ya 2016 imeiwekea kampuni hizi mdhibiti, ile bodi inayojulikana kwa kifupi WASREB, na bei wanazotutoza lazima ziidhinishwe naye. Ada ya kurudishiwa maji ni mojawapo ya bei hizo. Ukiisoma kwenye orodha za bei zilizoidhinishwa, utaikuta imeandikwa kuwa ni ya kurudisha huduma. Sijaona palipoandikwa kwamba ni ya kuingizwa kwenye orodha. Kwa hiyo hoja yangu si ya huruma. Nasema wanatoza bei ya bidhaa ambayo hawakuiuza.

Lakini tuwe wakweli: nani atalipeleka hilo mbele? Ada ni 1,000. Kupanda matatu kwenda ofisini na kurudi, kupoteza nusu siku ya kazi, kuandika barua, kuichapisha, kurudi kuuliza barua iko wapi. Safari mbili tu na hiyo elfu imekwisha. Mama mboga hatafanya hivyo. Anafunga kibanda chake saa tatu asubuhi, nani atamuuzia? Atalipa. Mwalimu atalipa. Hata wakili atalipa, kwa kuwa saa yake moja ni ghali kuliko ada. Mimi sisemi mtu alikaa akaipima hivyo makusudi. Nasema tu kwamba imepimika vizuri sana.

Wengine waliwahi kuupeleka ugomvi kama huu hadi mwisho. Mji wa Memphis, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mume na mke waliitwa Craft walihamia nyumba ambayo zamani ilikuwa imegawanywa kwa familia mbili, kwa hiyo ilikuwa na mita mbili mbili za umeme na gesi. Wakawa wanaletewa bili mbili. Walikatiwa mara tano. Mke aliacha kazi yake mara kadhaa kwenda ofisini kuuliza, na hakupata maelezo ya kueleweka. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni ile ya umma ilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kawaida kiasi kwamba linaweza kukupita: notisi ya kukatiwa iliwaambia walipe, lakini haikuwaambia kuna mtu gani wa kumwendea kama deni lenyewe lina ubishi. Notisi ya namna hiyo, mahakama ilisema, haitoshi.

Nilipolisoma hilo nilichukua notisi zangu mbili nikazigeuza mbele na nyuma. Kiasi kipo. Tarehe ipo. Nambari ya kulipia kwa simu ipo, kwa herufi kubwa. Namna ya kusema "hapana, ngojeni, hili deni si langu" haipo, hata kwa herufi ndogo.

Ninachotaka si kikubwa, na hakihitaji mashine mpya. Ada iandikwe siku kadi ya kurudisha inapotiwa sahihi, isiandikwe kabla. Hilo peke yake lingeimaliza habari yangu yote, kwa sababu mwezi Mei hapakuwa na kadi. Pili, fundi akirudi na neno "amelipa", neno hilo liwe na nguvu ya kufuta kila kitu kilichofunguliwa kwa jina la mteja huyo siku hiyo, bila kungoja mwenye cheo. Aliyetumwa akakate ndiye aliyeona. Mbona aaminiwe akifunga na asiaminiwe akiacha? Na tatu, kiasi chenye ubishi kilichoandikiwa barua kitengwe, pesa za mteja zilipie maji kwanza, hadi barua ijibiwe. Wakifanya hilo la tatu tu, mtu hataamka siku moja akute kwamba ubishi wake umeliwa na hesabu.

Kwa atakayekutwa na hili kesho, nimejifunza kwa gharama yangu: piga picha ya mita siku fundi anapokuja na kuondoka, picha ionyeshe nambari. Mimi sikupiga, ni bahati tu kwamba kwenye bili ya Mei usomaji ulionyesha matumizi ya kawaida ya mwezi mzima. Usiufute ujumbe wa M-Pesa. Omba taarifa ya akaunti, si bili. Barua yako iwe na nakala, na nakala hiyo ipigwe muhuri ukiwa umesimama hapo hapo, hata wakisema mwenye muhuri ameenda chai. Mngoje amalize chai.

Tarehe 29 Julai nilipeleka barua ya kurasa mbili, yenye nakala ya kila kitu nilichokitaja hapa, na safari hii nilimngoja mwenye muhuri. Jibu lilikuja tarehe 19 Agosti. Wamekubali kwamba ile ada ya Mei haikustahili, na wamenirudishia 1,000 kwenye akaunti, "kwa hisani". Neno hilo wameliandika wenyewe. Ada ya Julai, wamesema, haiwezi kurudishwa, kwa sababu safari hiyo huduma ilikatwa kweli na kurudishwa kweli, na nakala ya kadi ya kazi wameiambatanisha.

Wiki hiyo hiyo nikawaandikia tena. Barua yangu ilikuwa na swali moja tu: kama ada ya Mei haikustahili, basi tarehe 23 Julai akaunti yangu ilikuwa inadaiwa kiasi gani? Nimeifanya hesabu upya bila ile ada, mstari kwa mstari, 2,340, kisha 640, kisha 710, kila moja ikiwa na siku yake ya kulipwa, na mwisho wa safu inatoka sufuri. Nakala yangu ina muhuri. Mama, nilipomsomea barua hiyo kwenye simu, aliniuliza kama yule fundi wa kwanza, yule wa maji ya kunywa, hataingia matatani kwa kutajwa. Nikamwambia sijamtaja jina, simjui jina. Akasema vizuri, lakini niongeze mstari mmoja kwamba alikuwa na adabu. Nikaongeza.